Maganda au pete? Kuchagua njia ya kupata ujazo wa umbo lililozungushwa kwenye mhimili wa y

Wengi hufundishwa njia ya pete kwanza. Baada ya siku chache wanaletewa njia ya maganda, na swali linakuja lenyewe: hii ya pili ya nini, kama ya kwanza ilikuwa inafanya kazi? Jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Ukizungusha kwenye mhimili wa x tumia pete, ukizungusha kwenye mhimili wa y tumia maganda." Ni rahisi kulikariri, lakini si kweli. Mhimili hauchagui njia. Kinachochagua ni mipaka ya eneo lenyewe, yaani kama imeandikwa kwa x au kwa y, na kama inakubali kugeuzwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hapa nitabaki na mhimili wa y, nizipambanishe njia zote mbili juu ya maeneo yale yale, ili ionekane kila moja inakukwamisha wapi.

Eneo moja, mikato miwili

Chukua eneo lililo chini ya grafu ya y = x² + 1 na juu ya mhimili wa x, kuanzia x = 0 hadi x = 2. Lizungushe duara zima kwenye mhimili wa y. Kabla ya kuandika integrali yoyote, lione kwanza umbo lenyewe. Ni silinda yenye nusukipenyo 2 na kimo 5, ila kwa juu imechimbwa shimo lenye umbo la bakuli. Shimo linaanza ukingoni kabisa, kwenye kimo cha 5, na kushuka hadi kimo cha 1 pale katikati. Tunachotafuta ni ujazo wa kilichobaki, si wa shimo.

Njia ya pete hulikata umbo hili kwa ulalo, kama mtu anayepitisha msumeno sambamba na sakafu. Kila kipande ni bapa, kina unene dy, na kikiwa na tundu katikati kinafanana na washa ya bolti. Eneo la uso wake ni duara kubwa ukitoa duara dogo, yaani π(R² − r²).

Ili kupata r inabidi kuitenga x kwenye mlinganyo: x = √(y − 1). Hapo ndipo umbo linapoanza kukudai uangalifu. Ukikata kwenye kimo kilicho kati ya 0 na 1, hakuna tundu, kwa kuwa bakuli halijafika huko chini. Kipande ni sahani kamili ya nusukipenyo 2. Ukikata juu ya kimo cha 1, tundu lipo, na nusukipenyo chake ni √(y − 1). Kwa hiyo integrali haziwi moja bali mbili:

V = π ∫₀¹ 4 dy + π ∫₁⁵ (4 − (y − 1)) dy

Ya kwanza ni 4π. Ya pili ni π(16 − 8) = 8π. Jumla 12π.

Njia ya maganda hulikata umbo hilo hilo kwa wima. Fikiria mabomba membamba yaliyochomekwa moja ndani ya jingine, yote yakiwa na kitovu kimoja, mhimili wa y. Bomba lililo umbali x kutoka kwenye mhimili lina kimo cha x² + 1 na unene dx. Lipasue kwa wima kutoka juu hadi chini, kisha likunjue kama unavyokunjua bati la kopo. Unapata ubao mwembamba: urefu wake ni mzingo wa duara, 2πx; kimo chake ni x² + 1; unene wake ni dx. Zidisha vitatu hivyo, kisha jumlisha mabomba yote kuanzia katikati hadi ukingoni:

V = 2π ∫₀² x(x² + 1) dx = 2π ∫₀² (x³ + x) dx = 2π(4 + 2) = 12π

Integrali ni moja tu. Hakuna kuitenga x, hakuna kipeuo, hakuna kugawa kimo mafungu mawili. Sababu ya wepesi huo inaonekana kwenye mchoro: mstari wa wima popote kati ya 0 na 2 unaanzia kwenye mhimili wa x na kuishia kwenye parabola, kila mara. Mstari wa ulalo, kwa upande mwingine, mara unaanzia kwenye mhimili wa y, mara unaanzia kwenye parabola. Mpaka wa kushoto ukibadilika njiani, njia ya pete inakulazimisha uvunje integrali.

Ukitaka kuamini kwa vidole vyako, jaribu maganda manne tu, kila moja na unene wa 0.5, ukipima nusukipenyo katikati ya unene: 0.25, 0.75, 1.25 na 1.75. Kwa kila ganda 2πx(x² + 1) × 0.5 ni sawa na π(x³ + x). Jumla ya vipeo vya tatu ni 7.75, jumla ya x zenyewe ni 4, na unapata 11.75π, kama 36.91. Jibu kamili ni 12π, kama 37.70. Maganda manne manene, na tayari tumekaribia hivyo.

Je, ganda lililokunjuliwa linadanganya?

Kuna pingamizi la haki ambalo wanafunzi makini hulitoa. Ganda lina upande wa ndani na upande wa nje, na mizingo yao haiko sawa. Ukilikunjua halitoki ubao ulionyooka vizuri. Kwa nini tutumie 2πx kana kwamba ni moja?

Tuliangalie ganda moja kwa karibu. Nusukipenyo cha ndani ni 1, cha nje ni 1.1, kimo ni 2. Ujazo wake halisi ni π(1.21 − 1) × 2 = 0.42π. Ukitumia mzingo wa ndani unapata 2π × 1 × 2 × 0.1 = 0.4π, pungufu kidogo. Ukitumia nusukipenyo cha katikati, 1.05, unapata 0.42π kamili, bila tofauti yoyote. Si bahati. Tofauti ya miraba b² − a² ni (b + a)(b − a), na nusu ya b + a ndiyo nusukipenyo cha katikati. Kosa linalobaki ukitumia mzingo wa ndani ni π × kimo × dx², na likijumlishwa kwenye maganda yote linayeyuka kadiri dx inavyopungua. Kwa hiyo fomula ya maganda hailipuilipui chochote. Kwenye kikomo ni kamili sawa na ya pete.

8π, jibu ambalo linafichua kosa lake

Katika mfano ule wa kwanza, jibu ninalolikuta mara nyingi kwenye karatasi za wanaotumia njia ya pete si 12π. Ni 8π. Mtu ameandika π ∫₁⁵ (√(y − 1))² dy, akapata π ∫₁⁵ (y − 1) dy = 8π, akapiga mstari chini na kuhamia swali linalofuata. Hesabu yake haina kasoro hata moja. Tatizo ni kwamba amepima bakuli badala ya kilichobaki baada ya bakuli kuchimbwa.

Ukiwa na mazoea ya kulichora umbo ndani ya silinda inayolibeba, kosa hili unalishika mara moja. Silinda nzima ni π × 2² × 5 = 20π. Umbo letu ni 12π, shimo ni 8π, na viwili hivyo vikijumlishwa vinaijaza silinda bila kubakiza. Ukipata 8π jiulize: je, hiki ni kilichobaki, au ni kilichotolewa?

(Nikiwa mwanafunzi nilifanya kosa hili hili kwenye mtihani, na nilichoandikiwa pembeni ni "eneo gani?" tu. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba swali lilikuwa linauliza kitu cha maana.)

Ndani ya 20π = 12π + 8π kuna jambo kubwa kuliko ukaguzi. Chukua πx²y, ambayo ni ujazo wa silinda yenye nusukipenyo x na kimo y. Ukiisogeza pointi kidogo juu ya grafu, silinda hiyo inaongezeka kwa sehemu mbili: 2πxy dx, ambalo ni ganda jipya linaloongezwa kwa nje, na πx² dy, ambayo ni sahani mpya inayoongezwa kwa juu. Maganda yote kwa pamoja ndiyo eneo lililo chini ya grafu likizungushwa. Sahani zote kwa pamoja ndilo eneo lililo kati ya grafu na mhimili wa y likizungushwa. Kwa hiyo njia hizi mbili ni integrali moja iliyotazamwa pande mbili, na anayejua kuintegreti kwa sehemu ataitambua papo hapo. Ndiyo maana haziwezi kutoa majibu tofauti. Zikitofautiana, umekosea wewe.

Pale pete zinapogoma kabisa

Mfano wa kwanza ulikuwa mpole: pete zilihitaji kazi zaidi, lakini zilifika. Sasa chukua eneo lililo kati ya y = x − x³ na mhimili wa x, kuanzia x = 0 hadi x = 1. Grafu inapanda kutoka sifuri, inafika kileleni pale x = 1/√3, kwenye kimo cha kama 0.385, kisha inashuka tena hadi sifuri pale x = 1. Likizungushwa kwenye mhimili wa y linatoa tuta la mviringo lenye bonde katikati.

Kwa maganda:

V = 2π ∫₀¹ x(x − x³) dx = 2π(1/3 − 1/5) = 4π/15

Kama 0.838. Silinda inayolibeba ina ujazo wa π × 1² × 0.385, kama 1.21, kwa hiyo jibu linakaa ndani yake vizuri.

Kwa pete, kila mkato wa ulalo unaigusa grafu mara mbili: upande wa ndani wa tuta na upande wa nje. Unahitaji thamani zote mbili za x kwa kila y, yaani utatue x³ − x + y = 0. Huu ni mlinganyo wa kipeo cha tatu, na kwa kila y iliyo kati ya sifuri na kilele majibu yake matatu yote ni namba halisi, moja likiwa hasi. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa fomula ya Cardano, iliyochapishwa mwaka 1545: inakupitisha kwenye vipeuo vya namba changamani hata kama unakoenda ni namba halisi. Unaweza kukwepa kwa kutumia kosaini, lakini baada ya hapo bado unatakiwa kuinua kwa mraba, kutoa na kuintegreti. Hakuna sababu ya kwenda huko.

Dalili ya kuangalia ni hiyo: grafu inapanda na kushuka ndani ya eneo lako, na huwezi kuitenga x kwa mistari miwili mitatu ya aljebra. Ukiiona, chagua maganda na usigeuke nyuma. Tahadhari ni kwamba kupanda na kushuka peke yake hakutoshi. Parabola y = 4x − x² nayo inapanda na kushuka kati ya 0 na 4, lakini kuitenga x kunatoa 2 ± √(4 − y), na R² − r² inakuwa (R − r)(R + r) = 2√(4 − y) × 4. Integrali ya hiyo kutoka 0 hadi 4, ikizidishwa kwa π, ni 128π/3, na maganda yanatoa hiyo hiyo. Hapo ni hiari yako.

Pale maganda yanapokuwa ukaidi tu

Sasa geuza meza. Eneo lipo kati ya mhimili wa y na x = 2y − y², kuanzia y = 0 hadi y = 2. Ni parabola iliyolala ubavu, tumbo likitazama kulia, ikifika x = 1 pale y = 1. Mzunguko ni ule ule, kwenye mhimili wa y. Aliyekariri kwamba mhimili wa y ni maganda ataanza kutafuta kimo cha ganda: y = 1 ± √(1 − x), kwa hiyo kimo ni 2√(1 − x), na

V = 2π ∫₀¹ x · 2√(1 − x) dx

Inatatulika. Unabadilisha kigeu, u = 1 − x, unafungua mabano, unapata 4π(2/3 − 2/5) = 16π/15. Lakini tazama njia ya pete, ambayo hapa haina hata tundu, kwa kuwa eneo limegusana na mhimili kuanzia chini hadi juu:

V = π ∫₀² (2y − y²)² dy = π(32/3 − 16 + 32/5) = 16π/15

Mpaka ulikuwa umeandikwa kwa y tangu mwanzo, na sahani zinataka y. Hakukuwa na cha kugeuza. Aliyetumia maganda amelitatua swali baada ya kujitengenezea kipeuo ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi kabla ya kuamua: nachora eneo, kisha nachora ndani yake ukanda mmoja mwembamba uliosimama na mmoja uliolala. Uliosimama uko sambamba na mhimili wa y, ukizungushwa unakuwa ganda. Uliolala unaukabili mhimili kwa pembe mraba, ukizungushwa unakuwa pete au sahani. Nauliza ncha za ukanda upi ninaweza kuziandika bila kuhangaika, na bila ncha hizo kuhama kutoka mpaka mmoja kwenda mwingine. Huo ndio ninaoutumia. Zikiwa sawa, nachagua maganda, kwa sababu yananipa nafasi chache za kusahau tundu.

Maganda nayo yana mitego yake

Wepesi wa maganda unawafanya watu wayaamini kupita kiasi. Mtego wa kwanza ni kusahau ile x ya nusukipenyo. Mtu anaandika 2π ∫ (x² + 1) dx, anapata 28π/3, na kwa kuwa namba haionekani ya ajabu, anaendelea. Vipimo vinamsaliti: kimo mara unene ni eneo, si ujazo. Bila urefu wa tatu, mzingo haujaingia.

Mtego wa pili unatokea eneo likivuka mhimili. Sema unazungusha eneo lililo chini ya y = 4 − x², kuanzia x = −2 hadi x = 2. Ukiweka mipaka hiyo kama ilivyo, 2π ∫ x(4 − x²) dx kutoka −2 hadi 2 inatoa sifuri. Angalau sifuri inapiga kelele. Upande wa kushoto x ni hasi, na nusukipenyo hakiwezi kuwa hasi. Zaidi ya hapo, nusu ya kushoto ikizungushwa inapita mle mle ilimopita nusu ya kulia, kwa hiyo hata ukirekebisha alama utakuwa umehesabu mara mbili. Nusu moja inatosha: 2π ∫₀² (4x − x³) dx = 2π(8 − 4) = 8π. Kibaya zaidi ni pale pande mbili zisipolingana, kwa mfano kutoka −1 hadi 2. Hapo maganda ya kushoto yanapunguza ya kulia kimyakimya, na jibu linatoka chanya, zuri, na lisilo sahihi.

Mtego wa tatu ni kimo. Eneo likiwa kati ya grafu mbili, kimo cha ganda ni grafu ya juu ukitoa ya chini, si ya juu peke yake. Huu hauhitaji maelezo marefu. Ukanda uliochora utakuonyesha unapoanzia.

Mhimili ukihama

Njia ya pete ilinusurika vizuri kwenye mfano wa kwanza kwa sababu moja: nusukipenyo cha tundu kilikuwa √(y − 1), na mraba ukakiondoa kipeuo. Hilo hutokea kwa kuwa tulizungusha kwenye mhimili wa y wenyewe. Chukua eneo lile lile la y = x² + 1, lizungushe sasa kwenye mstari x = 3. Nusukipenyo cha nje, juu ya kimo cha 1, kinakuwa 3 − √(y − 1), na mraba wake ni 9 − 6√(y − 1) + (y − 1). Kipeuo kimebaki. Tundu nalo limehamia upande mwingine: sasa linatokana na ukingo wa x = 2, na nusukipenyo chake ni 1. Fungu la chini linatoa 8π, la juu linatoa 8π nyingine.

Kwenye maganda kinachobadilika ni kitu kimoja tu. Umbali kutoka kwenye mhimili si x tena, ni 3 − x:

V = 2π ∫₀² (3 − x)(x² + 1) dx = 2π(8 + 6 − 4 − 2) = 16π